Swali la "taja tofauti" au swali la kisa: lipi utunge ukitaka kupima mitosisi na meiosisi

Haya walimu wa baiolojia na nyie mnaofundisha tuisheni hapa Moshi na kule Arusha, na hata mzazi ambaye mtoto anamletea maswali ya mazoezi jioni, leo naweka maswali mawili ubavu kwa ubavu. Kila ikifika zamu ya kutunga testi ya mgawanyiko wa seli wengi wetu tunachukua lile swali la siku zote, tunapiga fotokopi, tunasahihisha, watoto wanapata maksi nzuri, alafu mtihani wa taifa unaleta swali limegeuzwa kidogo tu na wale wale wa maksi nzuri wanakwama.

Swali la kwanza mnalijua wote: "Taja tofauti tano kati ya mitosisi na meiosisi." Ndo hilo. Jedwali la safu mbili, mistari mitano, basi.

Swali la pili ni la kisa. Langu ninalolitumia liko hivi: "Mama mmoja wa Kibosho alijikata kidole kwa mundu akikata majani ya ng'ombe. Kidonda kikafunga na ngozi mpya ikaota. Baadaye mama huyo huyo alipata mimba akajifungua mtoto. (a) Taja aina ya mgawanyiko wa seli ulioleta ngozi mpya, na aina iliyotengeneza yai. (b) Kwa kila aina, sema inafanyika wapi mwilini na seli zinazotoka zina kromosomu ngapi. (c) Eleza kingetokea nini kama ngozi ingetumia mgawanyiko wa yai, na yai likatumia mgawanyiko wa ngozi."

Hicho kipengele (c) ndo moyo wa swali zima, nitakirudia.

Tuanze na lile la kwanza, na nianze kwa kulitendea haki. Ukiwa na darasa la watoto 60 na testi ni ya dakika ishirini, swali la kutaja linakubeba, unasahihisha haraka, kila jibu linajulikana, na linakuonyesha mara moja nani hajasoma kabisa. Mtoto ambaye hajui kwamba mitosisi inatoa seli mbili na meiosisi inatoa nne, kwamba moja inagawanyika mara moja na nyingine mara mbili, huyo hana msingi wa kujibu chochote kikubwa zaidi, na ni vizuri umjue mapema. Kwa hiyo silitupi. Kwa wiki ile umemaliza kufundisha na unataka kuona kama maneno yameingia, linatosha.

Shida yake ni kwamba jibu sahihi linaweza kufunika mawazo mabovu na wewe usijue. Chukua huu mstari ambao karibu kila mtoto anauandika: "Mitosisi hutokea kwenye seli za mwili, meiosisi hutokea kwenye seli za uzazi." Skimu inampa tiki. Sasa mwite mbele muulize anamaanisha nini na utasikia mambo mawili. La kwanza, anafikiri meiosisi inatokea ndani ya mbegu ya kiume au ndani ya yai, yaani mbegu ikishakuwa mbegu ndo inagawanyika, wakati mbegu ni matokeo, meiosisi imeshapita. La pili, anafikiri kwenye korodani na ovari hamna mitosisi kabisa, kwamba viungo vya uzazi vimepewa meiosisi na viungo vingine mitosisi kama mtu anagawa mashamba.

Kuna binti mmoja wa kidato cha nne nilimwandikia ubaoni kwamba seli shina za korodani zinagawanyika kwa mitosisi kwanza, akanyoosha mkono, "Mwalimu, si umetuambia korodani ni meiosisi? Mitosisi inafanya nini pale?" Nikamuuliza, "Mwanaume akibalehe anatengeneza mbegu mpaka uzeeni, sasa kama kila seli shina ikifanya meiosisi inageuka kuwa mbegu inaondoka, ya kesho itatoka wapi?" Akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo lazima nyingine zibaki zijiongeze zenyewe." Hapo hapo ameelewa kazi ya zote mbili kwenye kiungo kimoja, mitosisi inaweka akiba isiishe, meiosisi inachukua kutoka kwenye akiba na kutengeneza gameti. Na huyu binti alikuwa na tano kwa tano kwenye swali la kutaja.

Nadhani sehemu ya tatizo ni jinsi mada zilivyopangwa. Kwenye silabasi tuliyoizoea miaka mingi meiosisi ilikaa kidato cha tatu kwenye uzazi, na mitosisi ikaja kidato cha nne kwenye ukuaji, kwa hiyo mtoto anakutana nazo mwaka mmoja mbali, kila moja na daftari lake, na anapoziweka pamoja anaziunganisha kwa jedwali tu. Jedwali linamwambia zinatofautiana wapi, halimwambii kwa nini mwili unazihitaji zote mbili.

Sasa twende kwenye kisa, nilifanye jibu hatua kwa hatua ili uone linakudai nini.

Ngozi kwanza. Mama amejikata, seli zimeharibika, na zile zilizo tabaka la chini la ngozi kuzunguka kidonda zinaanza kugawanyika kuziba pengo. Kila seli ya hapo ina kromosomu 46. Kabla haijagawanyika inanakili DNA yake yote, na hapa simama na mtoto maana wengi wanaandika "sasa kromosomu ni 92", hapana, zinahesabiwa kwa sentromia, na baada ya kunakili kila kromosomu inakuwa na kromatidi mbili zimeshikana kwenye sentromia moja, kwa hiyo kromosomu bado 46, kromatidi ndo 92. Kisha kromosomu zinajipanga katikati ya seli kwenye mstari mmoja, kila moja kivyake, kromatidi zinaachana, moja huku moja kule. Kila seli mpya inaondoka na 46, zile zile, zenye habari zile zile za seli mama. Na ngozi inataka hicho hasa, maana seli mpya inapaswa kufanya kazi ya ngozi ile ile iliyokufa, pembeni ya majirani ambao hawajabadilika, na kesho ikihitajika igawanyike tena.

Yai sasa. Liko kwenye ovari, na seli inayolizaa nayo ina 46, nayo inanakili DNA vile vile. Tofauti inaanzia hapa, zile 46 hazijipangi kila moja kivyake, zinatafutana kwa jozi, ile iliyotoka kwa baba wa huyu mama na ile iliyotoka kwa mama yake, zinalala pamoja, zinabadilishana vipande, alafu ndo jozi zinaachana. Huo ni mgawanyiko wa kwanza, na hapo ndipo 46 inakuwa 23. Mgawanyiko wa pili unafanana na mitosisi, kromatidi zinaachana, idadi inabaki 23.

Kwenye hiyo 23 ndo kuna kosa ambalo swali la kutaja haliwezi kuliona hata siku moja. Mtoto anaandika "nusu ya kromosomu" na anafikiri ni nusu yoyote, 23 zozote kati ya 46. Mi huwa nawaambia wafikirie mtu amebeba viatu jozi 23 kutoka mitumba ya Memorial, vyote vimemwagwa chini, ukimwambia chukua nusu akakamata viatu 23 vyovyote atarudi na jozi nyingine kamili na nyingine hana hata kimoja, lakini ukimwambia chukua kimoja kutoka kila jozi, na mwenzio naye achukue kimoja kutoka kila jozi, mkikutana kila jozi inakamilika. Ndo maana jozi zinalala pamoja kabla ya kuachana, kule kulala pamoja ndo kunahakikisha kila yai linapata kromosomu moja namba 1, moja namba 2, mpaka mwisho. Mtoto akishaelewa hili hakariri tena kwamba "kwenye meiosisi homologasi hujipanga kwa jozi", anajua zinajipanga hivyo kwa sababu gani.

Kipengele (c) kinafuata chenyewe. Ngozi ikitumia meiosisi, seli mpya zinabaki na 23, yaani kila jeni ina nakala moja badala ya mbili, na kama nakala hiyo ni mbovu hamna mwenzake wa kuiziba, tena kila seli itakuwa na mchanganyiko wake tofauti na jirani yake, na kubwa kuliko yote, seli yenye 23 haina jozi ya kulaza pamoja kwa hiyo haiwezi kufanya meiosisi tena, kidonda kinaishia hapo. Yai likitumia mitosisi, linabaki na 46, na ukiendelea na wazo hilo mbegu ya baba nayo ikiwa na 46, zaigoti ina 92, kizazi kinachofuata 184. Kwa binadamu mimba yenye seti za ziada za kromosomu kwa kawaida huharibika, mara nyingi mapema sana. Na hata kama isingeharibika, yai lisingekuwa na mchanganyiko mpya, lingekuwa nakala ya mama.

Hapo kwenye mchanganyiko mpe nafasi mtoto anayetaka kwenda mbali. Jozi 23, kila jozi ikiachana kwa bahati yake, unapata michanganyiko 2 kwa kipeo cha 23, ambayo ni 8,388,608, hapo bado hujahesabu vipande vinavyobadilishana. Ndo maana watoto wa tumbo moja hawafanani. Mtoto akiandika hii namba bila kusema inasaidia nini, nusu maksi. Akisema inafanya watoto watofautiane na ugonjwa ukija usiwakute wote dhaifu sawa, kamili.

Sasa linganisha. Swali la kwanza lingemwuliza mtoto huyu huyu vitu vitano na vyote angevipata. Swali la pili limemlazimisha aseme 46 inabaki 46 kwa sababu ngozi inahitaji nini, na 46 inakuwa 23 kwa sababu mimba inahitaji nini. Hicho ndo kiungo kati ya mgawanyiko na kazi yake mwilini, na hakuna mstari wa jedwali unaoweza kukibeba.

Lakini kisa nacho kina gharama zake na usikiingie kichwa kichwa. Kinasahihishwa polepole. Mwenzangu mmoja anayefundisha Sakina kule Arusha aliniambia darasa lake likiandika kisa anasahihisha mpaka usiku maana kila mtoto amejibu kwa njia yake, na ni kweli. Dawa niliyoona inafanya kazi ni kuandika skimu kabla ya kutunga swali, na kwenye (c) nagawa maksi mbili mbili: maksi ya matokeo, mfano "zaigoti itakuwa na 92", na maksi ya sababu, mfano "kwa sababu mbegu na yai zitakuwa na 46 kila moja". Nikisoma jibu natafuta kwanza neno la sababu, "kwa sababu", "ili", "kwa hiyo", kama halipo kwenye sentensi zake zote najua amekariri matokeo. Mtoto aliyeandika "meiosisi hupunguza kromosomu ili kupunguza kromosomu" ana neno "ili" ila hana sababu, huyo mpe ya matokeo tu umwandikie pembeni: ipunguze ili iweje?

Gharama ya pili ni lugha. Sekondari wanafanya mtihani kwa Kiingereza na kisa kirefu kinawapima kusoma badala ya baiolojia. Usizidishe sentensi tatu za kisa, weka tukio moja kwa kila sentensi, usiweke neno la shamba ambalo hawalijui kwa Kiingereza. Mundu kwenye pepa la Kiingereza nauandika kisu tu, basi, kidonda ni kidonda.

Gharama ya tatu ni kwamba kisa kikitungwa hovyo kinafundisha uongo. Angalia kisa changu, nimeandika "aina iliyotengeneza yai", sijaandika "mgawanyiko uliotokea alipopata mimba". Nimefanya makusudi. Kwa mwanamke meiosisi inaanza kabla hata hajazaliwa, akiwa bado tumboni kwa mama yake, inasimama katikati ya hatua ya kwanza, inakaa hivyo miaka na miaka, yai likikomaa na kutoka kwenye ovari ndo hatua ya kwanza inaisha, na hatua ya pili inamalizika pale tu mbegu inapoingia. Mama wa Kibosho akipata mimba na miaka 30, yai lile limesimama katikati ya meiosisi kwa miaka 30 na zaidi. Kwa mwanaume ni tofauti, akibalehe kazi inaendelea bila kusimama, seli mpaka iwe mbegu inachukua kama miezi miwili hivi. Tena kwa mwanaume seli moja inatoa mbegu nne, kwa mwanamke inatoa yai moja kubwa na vijiseli vidogo vinavyokufa, maana chakula chote cha kiinitete kinabaki kwenye lile moja. Kwa hiyo mtoto aliyeandika kwenye jedwali "meiosisi hutoa gameti nne" amepata tiki na kwa upande wa mama si kweli. Mi kwenye skimu naandika "seli nne", siandiki gameti nne.

Huko kusimama miaka mingi kunaeleza jambo moja ambalo watoto wanaliona mtaani na wanaliuliza, watoto wenye Dauni sindromu. Wengi wao wana kromosomu 47, namba 21 ziko tatu, na mara nyingi ile ya ziada imetoka kwenye yai, jozi haikuachana vizuri kwenye meiosisi. Uwezekano unaongezeka umri wa mama ukipanda, akiwa na miaka 40 ni kama 1 kati ya 100. Unaweza kulifanya kipengele (d), "mtoto alizaliwa na kromosomu 47, eleza kwenye hatua gani ya kutengeneza gameti kosa linaweza kutokea", ni swali zuri sana maana linapima kama anajua jozi zinaachana lini. Ila chunga maneno yako, darasani kunaweza kuwa na mtu ambaye mdogo wake ana hali hiyo, usiandike "ulemavu wa laana" au "mama alikosea", andika kromosomu na hatua, basi.

Kuna swali la tatu ambalo nalitaja kwa wale wa kidato cha tano na sita, maana kwao kisa cha ngozi na yai kinakuwa chepesi. Unawapa namba za DNA. Seli ya kawaida ya mwili wa binadamu kabla ya kunakili ina takriban pikogramu 6.6 za DNA, ikishanakili inakuwa 13.2. Unawaambia: "Seli X imekutwa na pikogramu 6.6. Je, inatosha kusema ni seli ya mwili?" Wengi wanaruka na "ndiyo, ni ya mwili, ina DNA kamili". Fuatilia lakini. Mitosisi inachukua 13.2 inaigawa, kila seli 6.6, kromosomu 46. Meiosisi nayo inachukua 13.2, mgawanyiko wa kwanza unaigawa, kila seli 6.6, lakini kromosomu 23 kila moja na kromatidi mbili. DNA ile ile, kromosomu nusu. Mgawanyiko wa pili ndo unaileta 3.3. Kwa hiyo seli X inaweza kuwa ya ngozi iliyopumzika au inaweza kuwa katikati ya meiosisi kwenye korodani, na huwezi kuzitenganisha kwa DNA peke yake, lazima uhesabu kromosomu. Mtoto anayejibu hivi ameelewa kwamba DNA na kromosomu ni hesabu mbili tofauti. Shida ya swali hili ni kwamba halifiki kwenye kazi ya mwili hata kidogo, mtu anaweza kupata zote bila kujua ngozi inahitaji nini, kwa hiyo liambatane na kisa, lisisimame peke yake.

Watu wa huku pia wanapenda kutumia mgomba, na naelewa, uko nje ya dirisha. "Kwa nini mgomba unatoa machipukizi mengi lakini ndizi haina mbegu?" Jibu linavutia: Kavendishi, ile ndizi ya kuiva inayouzwa kila mahali, ina seti tatu za 11, jumla 33. Mitosisi haijali, kila kromosomu inajipanga kivyake, 33 inazaa 33, chipukizi linaota vizuri kabisa. Meiosisi inataka jozi, na tatu haigawanyiki kwa jozi, moja inabaki haina mwenzake, kwa hiyo gameti zinatoka vurugu na mbegu hazitengenezeki. Ni mfano mzuri kuonyesha kwamba mitosisi haihitaji jozi na meiosisi bila jozi haiendi. Lakini usiutumie kwa mchare. Mchare una seti mbili, 22, kwa hiyo mtoto mjanja atakuuliza, "Mwalimu, hii ina jozi, mbona nayo haina mbegu?" na jibu linaenda kwenye mambo mengine kabisa, mpangilio wa vipande vya kromosomu uliovurugika na tunda kukua bila kurutubishwa, ambayo hayamo kwenye swali lako. Tena mgomba haujibu lile lililoulizwa kwenye pepa nyingi, "kazi yake mwilini", kwa hiyo mi naufanyia mjadala darasani na siuwekei maksi.

Kwa hiyo ukiniuliza ninachofanya mimi, testi ya wiki ile ile ya mada naweka la kutaja, tena naliboresha kidogo, badala ya safu mbili naomba tatu, mitosisi, meiosisi, na safu ya mwisho "kwa nini iko hivyo". Mistari mitatu tu inatosha, maana mitatu yenye sababu inanionyesha zaidi ya mitano mitupu. Mtihani wa muhula na ule wa majaribio kabla ya NECTA naweka kisa chenye (a) mpaka (c), na (d) ya kromosomu 47 kama darasa liko vizuri. Kidato cha sita wanapata kisa pamoja na namba za DNA, na hapo nawapa muda wa kutosha, kama dakika 25, kwa sababu wakiharakishwa wanarudi kwenye jedwali walilokariri.

Mzazi ambaye si mwalimu wa baiolojia na mtoto ameleta jedwali lake la tofauti tano nyumbani, huhitaji kujua hata neno moja la kitaalamu, soma mstari mmoja mmoja na kila mstari muulize, "na ingekuwa kinyume, mwili ungekuwaje?" Akikujibu mistari mitatu bila kufungua daftari, hiyo testi ya muhula asiiogope.